Leo nimepeleka barua ya kujitoa

Mchana huu nimekabidhi barua yetu ya kujitoa kwenye ukaguzi wa kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza.

Minofu haikuwa na shida. Shida ni mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara vinavyouzwa kivyake. Fedha zake tuliziona zikiingia benki, lakini daftari la stoo na ankara tukanyimwa.

"Hayo ni ya mkurugenzi mwenyewe."

Tukaomba kwa maandishi. Tukapanda hadi bodi. Tukataka kuwaandikia wanunuzi wathibitishe, wakakataa hata hilo.

Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 705 kinasema kizuizi kikiathiri hesabu kwa upana namna hii, jitoe kama sheria inaruhusu. Isipowezekana, toa ripoti ya kukataa kutoa maoni.

Barua ni ukurasa mmoja tu. Neno "wizi" halimo, maana hatujui kama upo. Kuna nyaraka tulizoomba, tarehe tulizoziomba, na kwamba hatujatoa maoni yoyote juu ya hesabu hizo.

Mkurugenzi akaisoma, akauliza jambo moja: "Na ada tuliyowalipa?"

Nilibaki kumtazama. 😅

Wakaguzi wenzangu, ninyi mngemjibuje?