Usiku niliouandika upya wasifu wangu

Usaili ulikuwa saa tatu asubuhi, na saa nne usiku wa kuamkia siku hiyo ndipo nilipogundua kwamba wasifu wangu hauna hata sentensi moja ninayoweza kuitetea.

Kazi niliyoitiwa ilikuwa ya utunzaji wa stoo, kwenye kampuni moja ya usafirishaji hapa Tanga mjini. Wasifu niliotuma niliandikiwa steshenari: kijana alichukua wa mtu mwingine, akabadilisha jina, namba ya simu na shule. Ukatoka kurasa nne za Kiingereza kizuri, nami nikaridhika.

Usiku ule nilikuwa barazani kwetu Ngamiani na mjomba, ambaye alitunza stoo kwenye shamba la mkonge mpaka akastaafu. Akasema, "Hebu nisomee hapo kwenye kazi." Nikamtafsiria: kuhakikisha usimamizi bora wa stoo na mtiririko wa bidhaa.

"Sasa mwanangu, ukifika dukani asubuhi ulikuwa unafanya nini?"

Nikamweleza. Nilifanya kazi kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Nilikuwa nahesabu mzigo unaposhushwa, nalinganisha na hati ya mzigo, naandika kwenye leja, natoa bidhaa kwa stakabadhi. Nikamweleza pia habari ya saruji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mbona hayo hayamo?"

Basi nikaingia ndani, nikafungua daftari na kuanza upya kwa Kiswahili. Kiingereza kingekuja baadaye. Nimeona kwamba ukianza na Kiingereza unaandika maneno uliyoyazoea kuyasoma, lakini ukianza na lugha unayoisema unaandika ulichokifanya. Kila sentensi niliipima kwa swali moja: wakiniuliza "vipi?", nina jibu?

Habari ya saruji ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi. Nilipoanza kazi pale, hesabu ya mwisho wa mwezi ilikuwa inapungua mifuko kumi hadi kumi na mbili. Kila mtu alidhani ni wizi. Nilikata makatoni nikatengeneza kadi, nikatundika moja kwenye kila rundo. Anayechukua anaandika tarehe, idadi na baki hapohapo, kabla mfuko haujatoka mlangoni. Tena nikaanza kuhesabu kila Jumamosi badala ya kungoja mwezi uishe. Wiki ya tatu chanzo kikaonekana: mafundi wenye mkopo walikuwa wanapewa mzigo jioni, stakabadhi inaandikwa kesho yake, nyingine inasahaulika. Mifuko iliyopasuka nayo ilikuwa inatupwa bila kuandikwa. Baada ya miezi mitatu upungufu ukashuka hadi mifuko miwili.

Yote hayo niliyafupisha kwa mistari miwili: upungufu ulikuwa kiasi gani, nilifanya nini, ukabaki kiasi gani. Nilitamani kuandika kwamba uliisha kabisa, lakini haukuisha.

Kisha nikatoa barua yangu ya kazi kwenye bahasha, nikashtuka. Wasifu wa steshenari ulisema nilianza Januari 2020. Barua inasema Machi. Nikasahihisha, ila nikabaki na wasiwasi, maana jopo tayari lilikuwa na nakala ya zamani. Kupeleka mpya kimyakimya kungeonekana ni kuficha. Nikaamua nitawaambia mwenyewe kabla hawajauliza.

Dini, hali ya ndoa na shule ya msingi nikaviondoa. Kazi ikaja juu, elimu chini yake, wadhamini mwisho, baada ya kuhakikisha kwamba namba zao bado zinapatikana. Kurasa nne zikawa mbili. Niliuhifadhi kwa pidiefu, kwa sababu faili la kawaida likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine mistari huweza kuhama. Saa nane na nusu nikalala.

Saa moja asubuhi nilikuwa steshenari, nikachapisha nakala nne.

Walikuwa watu watatu. Baada ya salamu nikasema, "Naomba radhi, nakala mliyonayo ina kosa la tarehe ya kuanza kazi. Nimeleta iliyosahihishwa, pamoja na barua ya mwajiri." Mama aliyekuwa katikati akazipokea, akalinganisha tarehe, akaandika kitu pembeni. Kisha akashuka na kalamu mpaka kwenye ile mistari miwili.

"Hiyo kadi," akasema, "uliichora vipi? Nionyeshe."

Akanisogezea karatasi tupu. Nikapiga mistari ya safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, baki. Nikaongeza ya tano, ya saini. Tulizungumza juu ya kadi ile karibu robo saa, na mikono yangu ilikuwa imeacha kutetemeka.

Siku ya tisa walinipigia simu. Nilianza kazi Jumatatu iliyofuata.