Saa iliyosahau, na gridi yetu wenyewe

Jumamosi mtoto alibadilisha betri za saa ya mezani. Saa ikaamka ikimetameta 00:00, naye akanigeukia kama vile mimi ndiye niliyeitengeneza. "Baba, mbona imesahau?" Nikamwambia ikikosa moto inaanza upya, haijui ilipoachia. Akaridhika akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika zile betri kuukuu, na hamu ya chai ikaniisha.

Miaka ile nilikuwa askari. Ilikuwa Oktoba 2010, Otterburn, kaskazini ya Uingereza, kwenye vilima vya nyasi za kahawia na kondoo wasioshtuka hata mizinga ikilia. Mimi nilikuwa mtu wa redio. Koplo niliyekuwa naye alikuwa anajifunza uongozaji wa ndege, yaani kazi ya yule askari wa ardhini anayemwambia rubani apige wapi, apite wapi, na aachie lini. Nyuma yetu alisimama sajenti mkufunzi, mikono mifukoni, hasemi neno.

Watu hudhani ndege inakuja, inaona adui, inapiga. Rubani aliye futi 15,000 juu anaona ardhi tu. Askari wetu na askari wao kwake ni vumbi la rangi moja. Kwa hiyo hapigi kwa sababu ameona, anapiga kwa sababu mwongozaji amempa taarifa ya mistari tisa, kwa mpangilio usiobadilika, halafu akampa ruhusa. Na mwongozaji naye haamui peke yake. Kamanda wa kikosi kilicho chini ndiye anayekubali kwanza kwamba hapo papigwe, kwa sababu yeye ndiye anayejua watu wake wamelala wapi.

Ile mistari mitatu ya kwanza ni njia ya kuingilia: ndege ianzie wapi, ielekee nyuzi ngapi, umbali gani mpaka shabaha. Siku ile mawingu yalikuwa yametanda na ndege ilikuwa inazunguka juu yake, basi mitatu yote ikafupishwa kuwa "kutoka juu". Wa nne ni mwinuko wa shabaha kwa futi. Wa tano, shabaha ni nini. Wa sita, iko wapi, kwa namba za ramani tunazoziita gridi. Wa saba, imewekewa alama gani, moshi au leza au hakuna. Wa nane, askari wetu wako upande gani wa shabaha na kwa mita ngapi. Wa tisa, ndege ikimaliza itokee wapi. Inasemwa mitatu mitatu, kwa pumzi, ili rubani aandike kwenye ubao uliofungwa pajani.

Wa nne ndio watu huudharau. Bomu la kuongozwa kwa GPS halianguki wima kama embe, linakuja kwa mshazari. Likija kwa nyuzi 45 na mwinuko uliompa rubani umekosea kwa mita 90, litagusa ardhi mita 90 kando ya pale ulipotaka, hata kama gridi yako ni sahihi kama ya msahafu.

Shabaha yetu ilikuwa mabaki ya magari mawili bondeni, magari ya kivita yaliyokufa zamani, yanayolengwa kila wiki na yasiyokwisha. Sisi tulikuwa juu ya kilima. Kabla ya yote nilikuwa nimeandika mahali petu kileleni mwa karatasi, kama tulivyofundishwa: 4127 0863, mwinuko futi 1,120. Tarakimu nane zinakupa uhakika wa mita kumi. Koplo akachungulia kwenye darubini ya leza, akabonyeza. Darubini inapima umbali na uelekeo mpaka shabaha, kifaa cha GPS kinachukua mahali petu, kinajumlisha, kinatoa mahali pa shabaha. Akanisomea namba kwa sauti na mimi nikaanza kuandika, ila upepo ulichukua nusu yake. Nilipomwomba arudie, kioo cha kile kifaa cha GPS kikazima. Betri.

Nikavua glavu, nikatoa mpya mfukoni, nikazipachika. Kioo kikawaka. Namba zikatokea, safi, kijani. Nikazisoma. Koplo akaziandika kwenye mstari wa nne na wa sita.

Ndege ilikuwa Hawk ya mafunzo, haikubeba kitu. Ila siku ile tulikuwa tunaigiza bomu la kwenda kwenye gridi, na hilo linabadilisha kila kitu. Kuna namna ambayo mwongozaji lazima aione ndege na shabaha kwa macho yake kabla ya kutoa ruhusa. Anatazama pua ya ndege imeelekea wapi, na akiona imewaelekea wenzake anaizuia. Kuna namna nyingine, ya siku za mawingu au usiku, ambapo haioni ndege, anaongoza kwa namba na maneno tu. Ile ilikuwa ya pili. Rubani hakuwa na haja ya kuyaona magari. Alihitaji namba.

Mizinga ilikuwa inapiga upande wa mashariki, ikabidi tungoje. Ganda la mzinga likiwa angani lina kilele chake, na ndege ama inakaa juu ya kilele hicho, ama inakaa kando ya mstari wa ganda, ama mizinga inanyamaza kwa dakika zilizotajwa. Wakachagua kunyamaza. Dakika nne.

Koplo akasoma mistari tisa. Sauti nzuri, haikutetemeka. Rubani akarudia mstari wa nne na wa sita, kama inavyotakiwa. "Mwinuko, elfu moja mia moja ishirini. Gridi, nne moja mbili saba, sifuri nane sita tatu." (Yote yalikuwa kwa Kiingereza, naeleza kwa kwetu.) Koplo akafuata kwa kalamu tarakimu moja moja kwenye karatasi yake, akasema, "Sahihi."

Na ilikuwa sahihi. Hapo ndipo bado napasumbukia. Kurudia namba kunakuhakikishia kwamba rubani amesikia ulichosema. Hakukuhakikishii kwamba ulichosema ndicho ulichokusudia. Kama umempa kaburi lako, atakurudishia kaburi lako bila kukosea hata tarakimu.

Kimya kidogo redioni. Upepo. Kondoo mmoja alikuwa anakula nyasi hatua kumi kutoka kwetu, nakumbuka sikio lake lilikuwa na rangi ya bluu. Halafu rubani, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Nithibitishie mwinuko wa shabaha, na mahali penu."

Nikashusha macho kwenye karatasi yangu ili nimpe koplo mahali petu. 4127 0863. Futi 1,120. Nikatazama karatasi ya koplo, mstari wa nne na wa sita. Nikarudi kwangu. Nilizisoma mara tatu au nne, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya mtihani na haamini. Mwandiko wangu, mwandiko wake, namba zilezile. Kifaa kilikuwa kimeamka na kuonyesha kitu pekee kilichokijua baada ya kupata betri, yaani pale kilipokuwa kimesimama. Mikononi mwangu.

Sikuweza kusema. Niliweka kidole tu juu ya namba zake, halafu juu ya zangu. Koplo akaelewa kabla sijaondoa kidole. "Sitisha, sitisha, sitisha." Neno hilo husemwa mara tatu, na yeyote aliye kwenye redio ana haki ya kulisema, hata mimi. Mimi sikulisema.

Baadaye ilikuwa hesabu tu. Shabaha ya kweli ilikuwa 4186 0941, mwinuko futi 830, karibu mita 980 kaskazini mashariki yetu. Mstari wa nane koplo aliusema vizuri: askari wetu kusini magharibi, mita 980. Ila ukiuanzia kwenye gridi aliyotoa, ulituweka karibu kilomita nzima nyuma ya mahali tulipomwambia rubani tupo alipoingia kwenye redio. Tena alikuwa ameambiwa shabaha iko bondeni, kisha akapewa mwinuko wa kilima. Kwa hiyo dalili zilikuwa mbili, na zote zilikuwa kwenye karatasi zetu. Kama koplo angeiweka ile gridi kwenye ramani kabla ya kushika redio, ingemchukua sekunde ishirini kuona alama inatua kwenye buti zake. Hatua hiyo ipo kwenye mafunzo. Dakika nne za mizinga ndizo zilizoila. Na bomu la namna ile likishaachiwa kutoka kimo kile lina karibu nusu dakika ya kuanguka, na halina macho. Sitisha yako haliisikii.

Jioni sajenti alitueleza habari ambayo wengi wa kazi ile wanaijua. Tarehe 5 Desemba 2001, kaskazini ya Kandahar, Afghanistan, mwongozaji wa Kimarekani alipata mahali pa adui kwa kifaa chake, betri ikaisha, akaibadilisha, kifaa kikaamka na mahali pake mwenyewe. Namba hizo zikaenda kwa ndege ya B-52. Bomu la pauni 2,000, kama kilo 900, likaja palepale. Wamarekani watatu walikufa na Waafghani kadhaa, na Hamid Karzai akajeruhiwa kidogo, siku ileile aliyochaguliwa kule Bonn kuongoza serikali ya muda. Yule hakuwa mwanafunzi.

Tangu siku ile nikawa naandika mahali petu kwa kalamu nyekundu, na kila betri ikiguswa nafuta namba zote na tunapima upya, hata watu wakinuna. Koplo alifaulu kozi mwezi uliofuata. Mimi sikuulizwa kitu, maana kwenye fomu hakuna sehemu ya mtu wa redio.

Ninachojiuliza ni viwili. Sajenti alikuwa hatua tatu nyuma yetu, na alikuwa na ramani yake. Alizisikia namba zile zikisomwa. Je, alijua akanyamaza ili tujifunze, au naye alikuwa anatazama kondoo? Nilimuuliza, akacheka.

Na yule rubani, ambaye sikuwahi kuiona sura yake. Je, aliuliza kwa sababu aliona kuna tatizo, au ni mtu tu anayeuliza mara mbili kila siku, na siku ile ndiyo iliyoangukia kwetu?

Saa nimeirekebisha. Imechelewa dakika mbili, mtoto anasema tuiache hivyo.