"Nimeumia" na "Umeniumiza": Kumweleza Mwenzi Wivu kwa Kiingereza

Mume wangu hajui Kiswahili zaidi ya maamkizi, kwa hiyo furaha na ugomvi wetu hupita katika Kiingereza, lugha ambayo mimi niliipata darasani na yeye aliinyonya kwa mama yake. Miaka miwili ya kwanza ya ndoa niliamini kwamba ni mtu wa kujitetea tu, maana kila nilipomweleza kuwa nimeumia alinijibu kwa ushahidi, kama mtu aliyepandishwa kizimbani. Baadaye nilitambua kwamba kweli nilikuwa nikimshtaki, ingawa sikukusudia, na kwamba mashtaka yalizaliwa pale nilipokuwa nikitafsiri.

Kiswahili kinatenganisha kuumia na kuumiza. Nikisema "nimeumia", nimetaja hali yangu, mtendaji hayumo katika sentensi, na anayenisikia aweza kunipa pole kabla hajauliza kilichotokea. Kwa Kiingereza, sentensi iliyonijia upesi ilikuwa ile yenye mtendaji, yaani "umeniumiza", na mwenzangu akasikia kwanza kwamba ametenda kosa. Neno wivu nalo lina mtego wake. Sisi huona wivu kama tunavyoona baridi au njaa, jambo linalokuja na kupita, lakini Kiingereza hulitaja kwa neno la sifa, na sifa humganda mtu. Nilichelea kuonekana mke mwenye wivu, nikalikwepa neno lenyewe, na nafasi iliyobaki wazi nikaijaza makosa yake.

Nitatoa mfano wa jioni moja tulipoalikwa chakula kwa rafiki zake. Alikaa karibu na mwanamke aliyesoma naye zamani, wakazungumza kwa takriban nusu saa, kwa kasi na kwa mizaha ambayo sikuweza kuifuata, nami nikawa natabasamu kila walipocheka ili nisionekane mjinga. Tulipokuwa njiani kurudi nilimuuliza, "Mbona ulinisahau? Kila mara unafanya hivi." Katika Kiswahili, "mbona" aghalabu ni malalamiko yanayoomba faraja. Kwa Kiingereza lilitoka kama swali la kudai sababu, naye akatoa sababu, kisha akanihesabia mialiko ambayo hakunisahau. Maneno "kila mara" yalikuwa yamempa mlango wa kutokea, kwa kuwa mara moja tu tofauti inatosha kuyakanusha.

Usiku huo niliandika kwenye karatasi yale niliyotaka kusema, kwa sababu hasira hunipotezea msamiati wa lugha ya pili kabla ya kitu kingine chochote. Sentensi ya kwanza niliyoiandika ilikuwa "nilihisi kwamba unampenda yeye kuliko mimi", nikaifuta. Ilianza kwa kuhisi, lakini kilichofuata baada ya "kwamba" ni habari za moyo wake, ambazo siwezi kuzijua na ambazo yeye angezikana. Tangu siku ile hiki ndicho kipimo changu: nikishasema nimehisi, neno linalofuata liwe jina la hisia, kama huzuni, woga au wivu, na lisiwe hukumu juu ya mwenzangu.

Asubuhi, baada ya chai, nilimwambia hivi: "Jana mlipokuwa mkizungumza, mlikwenda haraka na sikuweza kufuata. Niliona wivu, na nilijihisi mpweke pale mezani. Tukiwa mahali kama pale, ningependa unigeukie mara mojamoja uniambie mnachocheka." Nilitaja jioni moja peke yake, jambo ambalo hata yeye aliliona, kisha hisia, kisha ombi analoweza kulitimiza. Nikaongeza kwamba sihitaji aniombe radhi. Hilo nililiona la lazima, kwa sababu Kiingereza hakina "pole" yetu. Neno analolitumia kunifariji ndilo hilohilo la kukiri kosa, na muda wote huo alikuwa akilizuia kwa kuhofia kwamba akilitamka atakuwa amekubali mashtaka. Alinyamaza kidogo, akaniuliza ni mzaha upi ulioniacha nje zaidi, akanisimulia kisa chake chote tangu mwanzo.

Sisemi kwamba kila uchungu uvikwe lugha isiyo na mtendaji. Miezi kadhaa baadaye niligundua kwamba alikuwa amekutana na mwanamke yuleyule na kuniambia alikuwa kazini. Hapo nilimwambia "ulinidanganya", nikimtaja yeye kwa makusudi na bila kupandisha sauti, kwa sababu safari hii lilikuwapo tendo, lilikuwa lake, na nilitaka alijibu.