Spika za kupiga juu kwenye saundiba: dari langu la mteremko lilinitia adabu

Watu huuliza kama zile spika za saundiba zinazoangalia juu kweli zinafanya sauti isikike kama inatoka juu. Nianze na jibu kabisa maana najua watu hawana subira. Ile sauti ya juu ipo, si uongo wa wauzaji, lakini mie nilikaa miezi miwili na saundiba yangu nikiamini nimeibiwa, na kila niliyemuuliza alinipa ushauri wa ovyo. Mmoja kasema niongeze wufa. Mwengine, huyu ndo fundi anayeheshimika mtaani, kanambia "hizo za juu mapambo tu bwana, zimewekwa bei ipande". Nikakaribia kumuamini.

Saundiba yenyewe niliinunua Darajani, hapa Unguja, kwa laki tisa na ushee, imeandikwa 3.1.2 kwenye boksi. Hiyo 2 ya mwisho ndo spika mbili zinazoangalia juu, moja kila ncha. Wala haziangalii juu wima kabisa, ukimulika tochi kwenye wavu unaona koni imelala kidogo kwa mbele, yangu niliipima kama digrii 20 kutoka wima. Kazi yake ni kupiga sauti darini, dari liirudishe chini masikioni kwako, ubongo udhani imetoka juu. Yaani dari ndo spika yako ya pili. Hilo hakuna aliyenambia dukani, na mie nilikuwa na dari baya.

Nyumba yangu iko Fuoni, ukumbi niliuongeza nyuma baadae kwa paa la mgongo mmoja, na kwa kubana pesa fundi akapigilia siling bodi ikafuata mteremko wa mbao za paa badala ya kushusha fremu iwe sawa. Upande mmoja dari liko mita 3.3, upande wa pili 2.4, na ukumbi una urefu wa mita 4 na kidogo. Mteremko wa digrii kama 12. Ukikaa huuoni hata, ni mzuri tu, upepo unapita. Na tivii mie niliitundika ukuta ule mrefu, kwa sababu ndo ukuta wa heshima, unaonekana ukiingia.

Nikafungua faili la majaribio, lile linalotoa sauti spika moja baada ya nyengine. Ikifika zamu ya zile za juu nasikia kitu, lakini kinatoka pale pale kwenye tivii, kimefifia kama mtu anasema ndani ya ndoo. Mvua, helikopta, ndege wa msituni, vyote vimekaa mezani kwenye saundiba.

Kwanza nikashuku mipangilio, na hapa kweli palikuwa na kosa: tivii ilikuwa inaifungua sauti yenyewe na kuitoa kwa PCM, yaani sauti ya kawaida, na ukiiacha hivyo yale maelezo ya juu yanakatwa njiani kabla hayajafika kwenye saundiba. Nikaweka Passthrough, yaani tivii ipitishe sauti bila kuigusa, kioo cha saundiba kikaandika Dolby Atmos, ndo ule mfumo wenye sauti za juu, nikafurahi kama nimemaliza. Wapi. Helikopta bado iko mezani.

Halafu nikagundua la pili ambalo naona haya kulisema. Bi mkubwa alikuja kukaa nasi wiki mbili, na ye haachi kitu uchi. Kaweka kitambaa cha kudarizi juu ya saundiba, na juu ya kitambaa vyungu viwili vya maua ya plastiki, kimoja kila ncha, vizuri kabisa, sawa sawa juu ya zile spika. Mie nimekaa hapo nasikiliza mawaridi. Nikamwambia "Mama, hapa ndo sauti inapotokea", akanijibu "Sauti gani mwanangu, si inatokea mbele?" Sikuwa na jawabu, maana kwa wakati ule alikuwa amesema kweli. Maua yakaenda kwenye friji.

Sasa ndo nifike kwenye kile kitu ninachojivunia. Sauti zile kali nyembamba zinaruka kwenye dari gumu kama mwanga kwenye kioo, pembe inayoingilia ndo inayotokea. Basi kama ni hivyo si nitumie kioo chenyewe! Nikamwita mpwa wangu wa miaka kumi na nne, nikampa kioo cha kunyolea na ngazi. Simu nikaiweka juu ya ncha ya saundiba tochi ikiangalia juu, taa za ukumbi nikazima, mie nikakaa kwenye kochi mahali pangu. Kazi yake alaze kioo bapa kabisa kwenye siling bodi, akisogeze polepole kutoka tivii kuja kwangu, na mie nitapiga kelele nikiiona tochi ndani ya kioo. Pale ndipo sauti inatakiwa igonge ili initue mie.

Tukaanza. Nusu mita, hakuna. Mita moja, hakuna. "Mjomba mikono inauma." Sogeza. Mita moja na nusu, hakuna. Nikaanza kudhani kioo hajakilaza vizuri. Kufika mita 2 kutoka saundiba, karibu ya kichwa changu, pa! tochi hiyo. Nikaweka alama kwa chaki.

Halafu nikachukua fimbo ya ufagio nikaielekeza vile ile koni inavyoelekea, digrii zake 20, kuona yenyewe inagonga wapi darini. Sentimita 95. Alama ya pili. Baina ya chaki na chaki zaidi ya mita nzima! Spika inapiga pale, mie natakiwa nipigiwe hapa. Na ukipiga hesabu ya kurudi ndo unacheka: dari likiinama digrii 12, sauti inayorudi inageuka mara mbili yake, digrii 24. Yaani dari langu linaloshuka kuja kwangu lilikuwa linaichukua sauti na kuirudisha kule kule kwenye tivii, ikitua kama sentimita 80 mbele ya saundiba, kwenye zulia. Paka ndo alikuwa anasikiliza helikopta.

Hapo nikafanya ujinga mmoja. Nikasema basi niiinue saundiba kwa nyuma ili ilale zaidi mbele. Nikaweka vitabu, na kweli sauti ya juu ikasogea kidogo, ila spika za mbele zote sasa zinaangalia zulia, maneno ya watu hayasikiki, mke wangu akauliza kwa nini kila mtu kwenye taarifa ya habari ana mafua. Siku moja ikateleza ikaanguka. Haikuharibika alhamdulillahi, lakini msifanye hivyo.

Kumbe dawa ilikuwa ni kuuacha ule ukuta wa heshima. Nikarudia kioo na tochi upande wa pili, saundiba chini ya ukuta mfupi, dari sasa linapanda kuja kwangu. Tochi nikaiona kwenye sentimita 89 hivi. Fimbo ya ufagio ikagonga 75. Tofauti haifiki hata shubiri! Mteremko ule ule uliokuwa unanirudishia sauti nyuma, sasa unaisukuma mbele hadi kwenye kochi. Nikahamisha tivii kesho yake.

Nikawasha ile mvua. Wallahi imepanda. Haikuja utosini, nisiwadanganye, imekaa mbele juu, pale ukuta unapokutana na dari na kuja kidogo huku, lakini ni juu, si mezani. Nikataka uhakika kuwa si moyo wangu tu unaojipendelea, nikampandisha tena mpwa, safari hii na mto wa kochi, aukandamize darini penye alama ya upande mmoja. Mto ukikaa, mvua ya upande ule inashuka inarudi kwenye saundiba. Ukitoka, inapanda. Nikafumba macho nikamwambia aweke na kutoa bila kunambia, nikapata karibu zote. Kama kwako mto haubadilishi kitu, basi ujue dari halikufanyii kazi na unachosikia kinatoka moja kwa moja kwenye saundiba.

Na huko kutoka moja kwa moja ndo kunakoifanya isifike utosini hata dari likiwa zuri. Spika ile haipigi juu tu kama bomba, inavuja na mbele. Kwangu njia ya moja kwa moja ni mita 2.6 hivi, ya kupitia darini ni kama 4.6, kwa hiyo ile iliyovuja inanifikia mwanzo, milisekunde 5 au 6 kabla, na sikio humuamini aliyetangulia. Ndo maana besi haipandi kabisa, yenyewe inatapakaa kila upande, wala mngurumo wa radi haupandi, unaopanda ni ule mpasuko wake. Mvua, ndege, makofi, panga za helikopta, hivyo vinapanda. Panka nalo ukiliweka namba tano linakula yote hayo, mie huliteremsha mbili nikavumilia joto. Na kwenye mipangilio niliongeza zile za juu mpaka +3, zaidi ya hapo zinavuja sana mbele na unarudi ulipotoka.

Shemegi wangu Mkunazini aliposikia akanunua na ye ya aina ile ile, akijua nyumba yake ya mawe itarudisha sauti vizuri kuliko siling bodi yangu. Nilikwenda na kioo changu. Dari lake liko juu zaidi ya mita 4, na ni la boriti, zimepangwa kukatisha mbele ya kochi. Sauti ya hertz 3,000 ina urefu wa wimbi wa sentimita 11, unene wa boriti ni kama huo huo, basi ikifika pale inatawanyika kila upande badala ya kurudi mkupuo mmoja. Na safari yenyewe ndefu, inarudi imechoka. Ukumbi wake umesikika mpana, mzuri hata, lakini juu hakuna. Nikamwambia kwake bora atundike spika mbili ndogo juu ukutani. Hajanisamehe.

Kama dari lako linainama kwa ubavu, yaani kushoto chini kulia juu, hapo sina ujanja, spika zote mbili zinatupwa upande mmoja, geuza ukumbi au lishushe dari liwe sawa. Na bati tupu bila siling bodi lenye migongo miwili mtaniambia nyie, mie nilijaribu kwa jirani tukasikia mwangwi tu.

Kwangu imebaki kesi moja. Ukuta mfupi unatazamana na dirisha, jioni jua linapiga kwenye tivii hatuoni kitu mpaka magharibi, pazia zito limeshanila elfu sabini. Na kule kwenye ukuta wa heshima yamebaki matundu manne ya skrubu ambayo mke wangu ameyafunika kwa kalenda ya mwaka juzi.