Tulivyoandika maelezo ya video ya kuchangisha darasa moja

Kitu cha kwanza tulichokubaliana kwenye kamati kilikuwa hiki: kinachobadilika hakisemwi kwenye video, kinaandikwa chini yake. Ukishapandisha video YouTube huwezi kuibadilisha na faili jingine ukabaki na kiungo kilekile, lakini maelezo unaweza kuyahariri hata kila jioni. Kwa hiyo bei ya tofali, kiasi kilichopatikana na tarehe vyote viko kwenye maandishi. Sauti inasema tu shule ni ipi, darasa limefikia wapi na kwa nini wanafunzi wamebanana.

Maelezo yanaruhusiwa kufika herufi 5,000, ila wengi wanatazama kwa simu, na simu huonyesha kichwa tu mpaka mtu aguse. Ombi lenyewe basi tukaliweka kwenye kichwa: "Darasa jipya: tunatafuta matofali 910". Mistari ya mwanzo ya maelezo ikawa hii:

"Tunajenga darasa la mita 9 kwa 7. Msingi na jamvi vimekamilika. Tunahitaji matofali 910 ya kupandisha ukuta. Tofali moja ni Sh 1,500 likiwa limefika shuleni. Lipa namba ni hii, na jina litakalotokea kwenye simu yako ni hili."

Jina hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mchangiaji akiingiza lipa namba, simu humwonyesha jina lililosajiliwa kabla hajaweka namba ya siri. Akiona jina la mtu binafsi wakati video inazungumzia kamati ya shule, anasita, na ana haki ya kusita. Liandikwe herufi kwa herufi kama linavyotokea.

Namba 910 ilitoka kwa fundi, na hesabu yake tuliiweka kwenye maelezo kwa sababu lazima itaulizwa. Ukuta una mzunguko wa mita 32 na ushei. Kimo cha matofali ni mita 3 bila kuhesabu lenta, hivyo tunapata kama mita za mraba 98. Toa madirisha sita ya mita moja na nusu kwa moja na nusu, toa na milango miwili, zinabaki kama 80 na nusu. Ongeza zile pembetatu mbili za juu zinazofuata mteremko wa paa, kama mita 10 na nusu. Tofali la saruji la inchi 6 linaingia tisa na kidogo kwa mita moja ya mraba. Tukahesabu kumi ili kufidia yanayovunjika njiani. Jumla ni Sh 1,365,000. Namba isiyo mviringo inaaminika zaidi, maana inaonekana kuna mtu aliyepima.

Hapo ndipo wengi hukosea: wanaomba matofali kana kwamba yanajipanga yenyewe. Tuliandika waziwazi kwamba mchanga, maji na kubeba ni nguvu za wananchi, na kwamba saruji ya kujengea pamoja na ujira wa fundi tayari vipo mkononi. Lenta, kenchi na bati vina video zao baadaye. Ukiomba darasa zima kwa mkupuo, mwenye elfu tano anajiona hana la kuchangia. Ukiomba matofali, anajua amenunua matatu na chenji imebaki.

Tuliongeza sentensi kwamba mchango ni wa hiari na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu yake. Elimumsingi ni bila malipo tangu 2016, na mzazi akihisi analazimishwa, lawama zitamwangukia mwalimu mkuu.

Walioko nje ya nchi hawawezi kutumia lipa namba kirahisi. Tuliwaandikia akaunti ya benki na msimbo wa SWIFT, tukawashauri wakusanye kwa pamoja na mmoja atume, kwa kuwa makato ya benki yanaweza kumeza mchango mdogo.

Kisha kuna WhatsApp. Mtu akipakua video na kuisambaza kama faili, maelezo yote yanabaki nyuma. Ndiyo maana lipa namba na jina lake, ambavyo havibadiliki, tuliviandika pia juu ya picha katika sekunde 15 za mwisho. Bei hatukuiweka hapo.

Juu kabisa ya maelezo kuna mstari unaohaririwa: "Hadi tarehe hii yamelipiwa matofali 340, bado 570." Tarehe isiachwe. Mstari usio na tarehe haumwambii msomaji kama kazi inaendelea au imekufa. Lengo likitimia video haifutwi, kwani kiungo bado kinazunguka kwenye makundi. Mstari huo unageuka kuwa "Matofali yametosha, tafadhali usitume tena kwa ajili ya ukuta", na kiungo cha video ya lenta kinafuata.