Nilivyopata kazi ya kupanga hesabu za M-Pesa kwa kompyuta yangu

Binamu yangu alinishauri nijiunge na majukwaa ya kimataifa ya kugombania kazi, nijiite mtunza hesabu, kisha niweke bei ya chini kuliko wote. Nilimtii kwa miezi miwili. Nilituma maombi hamsini na kitu, nikalipia mengine kwa pesa yangu, nikaambulia kazi moja ya kunakili risiti iliyonilipa chini ya nauli ya wiki. Sisemi hakuna wanaofanikiwa huko, ila mimi, niliyekuwa karani wa hesabu hapa Nakuru, nilikuwa nikishindana na dunia nzima huku wateja wangu wakiwa mtaani kwetu.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mwenye duka la vipodozi. Alipokea malipo kwa laini yake mwenyewe ya simu, iliyopokea pia mkopo, pesa za chama na kila kitu kingine. Kodi ya mauzo kwa wafanyabiashara wadogo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo ghafi, alikuwa akiikadiria kwa kujumlisha kila shilingi iliyoingia kwenye simu. Nilimwomba taarifa yake ya M-Pesa kwa barua pepe, na msimbo wa kuifungulia aniambie kwa simu, kwa sababu vitu hivyo viwili havipaswi kukaa mahali pamoja.

Excel haikukubali kusoma faili lenye nywila. Niliifungua taarifa kwenye kivinjari, nikaihifadhi upya kwa `Save as PDF`, na nakala hiyo ikaingia bila ubishi.

Hapo ndipo nilipojitia aibu. Mama alikuwa amenitumia taarifa mbili zilizopishana kwa takriban wiki nzima, hivyo baadhi ya miamala ilitokea mara mbili. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaamuru `Remove Duplicates` kwa safu ya `Receipt No.` pekee. Mistari 143 ikatoweka, nikajipongeza kwa chai. Jioni nilipolinganisha salio, hesabu ilikataa katakata. Nilitafuta kosa hadi karibu usiku wa manane, nikimshuku mama, nikaishuku mashine, nikaishuku hata kampuni ya simu. Kumbe M-Pesa huandika muamala na ada yake kwa namba ileile ya risiti katika mistari miwili tofauti, nami nilikuwa nimefuta mstari mmoja wa kila jozi, pamoja na ile iliyorudiwa kweli.

Dawa yake ni kuchagua safu zote, pamoja na `Balance`, kabla ya kufuta. Mstari uliorudiwa kweli hufanana na mwenzake hadi salio, lakini ada na muamala wake hazifanani. Baada ya hapo huongeza safu moja ya ukaguzi. Kwa kuwa taarifa huanza na muamala wa karibuni juu, salio la kila mstari hutokana na salio la mstari ulio chini yake:

```
=ROUND(G2-(G3+E2-ABS(F2)),2)
```

E ni pesa iliyoingia, F iliyotoka, G ni salio. Jibu likiwa sifuri kote, isipokuwa mstari wa mwisho kabisa usio na mwenzake chini, hakuna mstari uliopotea. Lisipokuwa sifuri mahali pengine, unajua papo hapo uanze kutafuta wapi. Mtu akinikabidhi vitabu visivyo na ukaguzi wa namna hii, simwamini hata akiwa na vyeti vitatu.

Kilichobaki kilikuwa kuweka alama kwenye kila pesa iliyoingia: hii ni mauzo, hii siyo. Mwezi ule ziliingia 412,600. Nikatoa 60,000 za mkopo wa benki, 30,000 za zamu yake ya chama, na 8,500 za Fuliza, ambazo taarifa huziita `OverDraft of Credit Party`. Mauzo ya simu yakabaki 314,100, na kodi yake 9,423 badala ya 12,378. Mauzo ya taslimu tuliyaongeza kutoka daftari lake, kwani hayo simu haiyajui. Majina yasiyoeleweka sikuyakisia. Nilimpelekea orodha aseme mwenyewe ni mteja au ni shemeji.

Nilimtoza 1,500 kwa mwezi ule, bei ya uoga. Sasa ninatoza kama 3,500 kwa duka moja, na nina maduka sita, yote yaliyoletwa na yeye. Kuwasilisha kodi hufanya mwenyewe kwa nywila yake. Mimi humpa tarakimu tu.

Kodi hii hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita, kwa hiyo tulikubaliana taarifa zinifikie kufikia tarehe 5. Mwezi uliopita mama alileta yake tarehe 19 saa tatu usiku. Niliifanya, nikaongeza 1,000 kwenye ankara. Alilipa asubuhi, kisha akanipigia: "Kijana wangu, hata salamu hukuniuliza, umenipelekea bili?"