Jinsi nilivyogeuza maandishi ya mkato kuwa kumbukumbu za mkutano

Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya mtaa wetu huko Likoni, na baada ya mkutano uliopita daftari langu lilikuwa na mstari huu: “pampu – bei 3 – mweka hazina – Ijumaa?” Ndani yake mlikuwa na azimio na kazi, mambo ambayo yakichanganywa huzua ubishi baadaye, kwa hiyo niliyatenga. Azimio nililiandika hivi: “Kamati iliazimia kununua pampu mpya baada ya kulinganisha bei za maduka matatu.” Chini yake nikaandika kazi: “Kukusanya bei hizo kwa maandishi. Mhusika: mweka hazina.”

Kilichobaki ni ile alama ya kuuliza. Nilimpigia simu mwenyekiti, akanieleza kwamba Ijumaa ilipendekezwa na mjumbe mmoja, lakini haikupitishwa. Mweka hazina naye aliniambia kuwa angeweza kumaliza Jumatatu inayofuata. Kwa kuwa ahadi hiyo ilitolewa nje ya kikao, kwenye kumbukumbu niliandika “Tarehe ya mwisho: haikuafikiwa kikaoni”, na Jumatatu hiyo, pamoja na tarehe yake kamili, nikaiweka katika barua niliyoambatanisha na rasimu nilipowatumia wajumbe.